Ni kujumlisha au kutoa? Sifuri haikuwa shahidi mzuri

*"Mwalimu, mwenzangu wa darasani amenitumia picha ya swali lisemalo: thibitisha kwamba (2x − 3)² − (x ? 4)² = (x − 7)(3x + 1). Hapo nilipoweka alama ya kuuliza, picha ina doa. Mimi naona kutoa, yeye anaona kujumlisha. Tukaweka 0 mahali pa x, alama zote mbili zikakubali, tukarudi palepale. Je, kujaribu namba kunaweza kumaliza ubishi huu, au ni kubahatisha tu?"*

Kunaweza, na kwa swali lenu kunaumaliza kabisa. Alama ni ya kujumlisha, mwenzako ameona vizuri. Bahati mbaya yenu ni kwamba mlianza na namba ambayo, kati ya namba zote, ndiyo pekee isiyoweza kuwaamulia.

Ningeweza kukuonyesha kwa mistari mitatu, lakini nilifanya jambo lililonifurahisha zaidi. Niliichapa picha yako kwenye karatasi, doa na yote, nikawapa wanafunzi wangu wawili waliozoea kusoma pamoja, kisha nikakaa pembeni na kalamu bila kusema neno. Mmoja alikaa dirishani, mwingine mlangoni, nami nitawaita hivyo. Walibishana kama nyinyi, na walivyobishana panafundisha kuliko maelezo yangu.

"Hiyo ni kutoa," alisema wa dirishani. "Kuna kamstari kamoja tu, kamelala."

"Kamelala, sawa, lakini hapo juu yake kuna kivuli. Mstari wa kusimama umefifia."

"Hicho ni kivuli cha karatasi iliyokunjwa."

"Mkunjo ungepita moja kwa moja, juu na chini ya maandishi. Huu unaishia hapohapo kwenye alama."

Nilipenda hoja hiyo ya mkunjo, maana ndivyo inavyotakiwa kutazamwa. Mkunjo ukipita juu ya alama ya kutoa huigeuza ionekane kujumlisha, ila kivuli chake huendelea nje ya alama. Kinyume chake hutokea pia: picha inapobanwa ili itumwe upesi, mistari myembamba ndiyo hupotea kwanza, na alama ya kujumlisha hubaki imelala kama kutoa. Lakini macho ni macho, na wa dirishani hakutikisika.

"Tusibishane na kivuli," akasema. "Tuweke namba. Weka sifuri, ndiyo rahisi."

"Haya. Mabano ya kwanza yanabaki −3, ukizidisha yenyewe ni 9. Mabano ya pili kwangu ni 4, yakizidishwa yenyewe ni 16. 9 toa 16 ni −7."

"Kwangu mabano ya pili ni −4, ukizidisha yenyewe ni 16 vilevile. Nami nina −7."

"Na kulia je? −7 mara 1. Ni −7."

"Basi tumeshinda wote!"

"Wote haiwezekani. Hapo hajashinda mtu."

Wakanyamaza kidogo. Hapo ndipo nyinyi mlipokwama, na wengi hapo huacha wakisema kwamba namba hazisaidii. Wa mlangoni alifanya lililo sahihi: aliacha kuuliza kama namba inakubali, akauliza kama namba hiyo inaweza kututofautisha.

"Hebu ngoja. Sifuri imeifuta x yote. Ikabaki 4 kwangu na −4 kwako, na ukizizidisha zenyewe zinatoka sawa. Sifuri haituoni tofauti."

"Basi weka 1."

"Mabano ya kwanza: 2 toa 3 ni −1, ukizidisha yenyewe ni 1. Mabano ya pili kwangu ni 5, yanatoa 25. 1 toa 25 ni −24."

"Kwangu ni 1 toa 4, yaani −3, yanatoa 9. 1 toa 9 ni −8."

"Kulia: 1 toa 7 ni −6. Tatu mara moja jumlisha moja ni 4. −6 mara 4 ni −24."

Wa dirishani aliitazama ile −24 muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo kila mtu aliyeshindwa na namba moja husema: "Hiyo ni namba moja tu. Labda imetokea."

Hapa nikuweke sawa, kwa sababu ndilo swali lako la mwisho lilipo. Namba moja haina nguvu sawa pande zote mbili. Swali linadai kwamba pande mbili zinalingana kwa kila x. Ukipata hata x moja ambayo hazilingani, dai limevunjika, na huhitaji nyingine. Kwa hiyo −8 dhidi ya −24 imeiua alama ya kutoa pale pale, na hakuna cha "labda imetokea". Upande wa pili ni tofauti: alama ya kujumlisha kukubali kwenye x = 1 bado si uthibitisho kwamba inakubali kila mahali. Imenusurika tu. Wa dirishani alikuwa na haki ya kuidai namba nyingine kwa alama ya mwenzake, si kwa ya kwake.

Na kwa nini sifuri ilishindwa? Fungua (x + 4)² upate x² + 8x + 16. Fungua (x − 4)² upate x² − 8x + 16. Zinafanana kila kitu isipokuwa katikati, na tofauti yao ni 16x. Ubishi wenu wote umekaa ndani ya hiyo 16x. Ukiweka x = 1, wasomaji wawili wanatengana kwa 16, na kweli −8 na −24 zimeachana kwa 16. Ukiweka 2, wanatengana kwa 32. Ukiweka sifuri, hawatengani kabisa. Sifuri si namba mbaya kwa kila swali. Kama doa lingekuwa kwenye x² + 3x ? 5, yaani mbele ya namba isiyo na x, sifuri ingewatenga mara moja kwa 5 na −5. Ubaya wake hapa ni kwamba alama yenye mgogoro inabebwa na x, na sifuri inaifuta.

Turudi kwao. Wa dirishani alitaka namba yenye alama ya hasi, nadhani kwa matumaini kwamba hasi zingemwokoa.

"Weka −2."

Wa mlangoni akachukua kikokotoo. "Mabano ya kwanza: 2 mara −2 ni −4, toa 3 ni −7. −7 kipeo cha pili ni… −49. Mabano ya pili ni 2, yanatoa 4. −49 toa 4 ni −53." Akahesabu kulia: −9 mara −5, ni 45. Uso ukamshuka.

"Umeona? Haikubali hata kwako," alisema wa dirishani, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Karibu nivunje ahadi yangu ya kukaa kimya. Kosa hili huua majaribio mengi ya namba kuliko kosa lolote jingine ninalolijua: alibonyeza −7² bila mabano. Kikokotoo kilifanya kilichoambiwa: kilizidisha 7 yenyewe kwanza, kikapata 49, ndipo kikaweka alama ya kutoa mbele. Alichotaka yeye ni (−7)². Dalili iko wazi ukiijua: kitu chochote kikizidishwa chenyewe hakiwezi kutoa hasi. Ukiona hasi imetoka kwenye mraba, usilaumu swali, laumu mabano yako.

Ajabu ni kwamba aliyeiona dalili hiyo ni wa dirishani mwenyewe, ingawa haikumfaa.

"Ngoja. −7 mara −7 si inatoka chanya?"

"…49. Basi 49 toa 4 ni 45."

"45." Akahesabu ya kwake pole pole. "Kwangu mabano ya pili ni −6, yanatoa 36. 49 toa 36 ni 13. Haya, nimeelewa."

Lakini hakuwa amekubali. Alikuwa akitafuta mlango mwingine, na alioupata ni mzuri kweli kweli.

"Sawa, kushoto na kulia havilingani kwa kutoa. Lakini nani kasema kulia ndiko kuliko sahihi? Labda kulia ndiko kulikochapwa vibaya, na kutoa kwangu ni kwa kweli."

Wa mlangoni hakuwa na jibu, akanitazama. Hapo nikavunja ukimya wangu, nikamwambia ajaribu kutafuta kulia kungekuwa nini kama alama ingekuwa ya kutoa. Kushoto ni mraba toa mraba, kwa hiyo ni tofauti ya vitu viwili mara jumla yake. Kwa alama ya kutoa, tofauti ni (2x − 3) toa (x − 4), ambayo ni x + 1. Jumla ni (2x − 3) na (x − 4), ambayo ni 3x − 7. Kulia kungepaswa kuwa (x + 1)(3x − 7).

Linganisha na (x − 7)(3x + 1) iliyochapwa. Zinafanana kwa namna ya kushangaza: ni 1 na 7 zimebadilishana mahali. Inaonekana kama kosa la mchapaji linawezekana, na wa dirishani alirukia hapo hapo. Lakini pima uzito. Ili kutoa kuwe sahihi, inabidi mabano yote mawili ya kulia yawe yamekosewa kwa pamoja, kwenye herufi zilizo safi, zisizo na doa. Ili kujumlisha kuwe sahihi, inabidi mstari mmoja mdogo wa kusimama uwe umefifia, na umefifia pale pale penye doa. Kujaribu namba kunakuambia kipi kinapatana na kipi; hakukuambii mchapaji aliweka wino gani. Tukikiri hilo, ushahidi bado uko upande mmoja, na mzito.

"Nakubali," alisema wa dirishani. "Ni kujumlisha. Sasa thibitisha, bwana mshindi."

Wa mlangoni akaandika, kwa mwendo wa mtu aliyeshinda:

```
1)  (4x² − 12x + 9) − (x² + 8x + 16)
2)  4x² − 12x + 9 − x² + 8x + 16
3)  3x² − 4x + 25
```

Kisha akafungua kulia: x mara 3x ni 3x², x mara 1 ni x, −7 mara 3x ni −21x, −7 mara 1 ni −7. Akapata 3x² − 20x − 7. Akatazama mistari yake, akatazama kulia, akasema: "Basi swali lina kosa."

Nusu saa nzima alitetea swali, na sasa alikuwa tayari kulitupa kwa kosa lake mwenyewe. Wa dirishani ndiye aliyelikamata, na kwa silaha ile ile iliyomshinda.

"Swali halina kosa. Tuliweka 1 tukapata −24 kushoto na −24 kulia. Weka 1 kwenye mistari yako."

"Mstari wa kwanza: 4 toa 12 jumlisha 9 ni 1. Toa 25. Ni −24."

"Wa pili?"

"4 toa 12 jumlisha 9 ni 1. Toa 1 ni 0. Jumlisha 8, jumlisha 16… 24." Akasita. "Ni 24 ile ile. Labda niongeze tu alama ya hasi mbele ya yote?"

Jihadhari sana na kishawishi hicho. 24 na −24 kukutana hapo ni sadfa tupu. Wakaweka 2: mstari wa pili ukatoa 29, na kulia kukatoa −5 mara 7, yaani −35. Kuongeza hasi mbele kusingeponya chochote. Lakini 1 ilikuwa imekwisha kusema la muhimu: mstari wa kwanza ni mzima, wa pili ni mgonjwa, kwa hiyo kosa liko katika kuvuka kutoka wa kwanza kwenda wa pili na si kwingine. Hakuna haja ya kuanza upya. Na kinachofanyika kati ya mistari hiyo miwili ni kimoja tu, kuondoa mabano yenye alama ya kutoa mbele.

"Kutoa inagusa vyote vilivyomo," alisema wa dirishani. "Wewe umeigusisha x² peke yake. 8x na 16 umeziacha nje."

"…−x², −8x, −16." Akafuta. "4x² toa x² ni 3x². −12x toa 8x ni −20x. 9 toa 16 ni −7."

3x² − 20x − 7, pande zote mbili. Wakamaliza.

Hivyo ndivyo ningependa nanyi mzitumie namba: si kwa kuamua alama iliyofichwa na doa tu, bali kupita mstari kwa mstari katika kazi yenu. Thamani ya upande mmoja, kwa x ile ile, haipaswi kubadilika mstari hata mmoja. Ikibadilika, kosa liko kati ya mstari wa mwisho ulio sawa na wa kwanza ulioharibika. Chagua namba ndogo inayohesabika kichwani, ila kama ubishi ni wa kipeo, kwa mfano kama ni x² au x³, achana na 0 na 1, kwa kuwa zenyewe zikizidishwa mara ngapi hubaki vilevile. Kwa ubishi huo 2 hufaa.

Ulichouliza kuhusu kubahatisha kina upande mmoja zaidi, ambao wengi hawaufahamu. Tumeona kwamba namba moja inayokubali si uthibitisho. Je, ngapi zinatosha? Katika swali lenu, pande zote mbili hazina kipeo kinachozidi cha pili. Ukitoa upande mmoja kwenye mwingine, kinachobaki nacho hakizidi kipeo cha pili, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa sifuri kwenye x tatu tofauti isipokuwa kiwe sifuri kila mahali. Kwa hiyo namba tatu zikikubali, zimekubali zote. Sisi tumekwisha kuwa na −7 kwenye 0, −24 kwenye 1, na 45 kwenye −2, kushoto na kulia. Huo ni uthibitisho kamili wa usawa wenye alama ya kujumlisha. Utaona pia kwamba sifuri, iliyoshindwa kuamua alama, hapa inahesabiwa kama mojawapo ya zile tatu. Hata hivyo, kwenye mtihani fungua mabano. Msahihishaji anayesubiri mistari ya kufungua mabano huenda asikupe alama kwa namba tatu hata kama una haki, na ukiandika namba tatu bila kueleza kwa nini zinatosha, hiyo haki yenyewe huna.

Kuna mahali ambapo mbinu hii haifanyi kazi. Kwenu ilifanya kazi kwa sababu swali lilikuwa na upande wa kulia unaosomeka, wa kulinganisha nao. Tuseme picha ingekuwa ya "tafuta x: x² − 5x ? 6 = 0". Mmoja anasoma kujumlisha, anapata 2 na 3. Mwingine anasoma kutoa, anapata 6 na −1. Yote mawili yanatoka mazuri, namba kamili, bila mkia. Wanafunzi wengi huamini kwamba jibu zuri ni dalili ya alama sahihi. Hapa imani hiyo inawaambia wote wawili kwamba wamepatia. Weka 2 kwenye usomaji wa kwanza utapata sifuri, weka 6 kwenye wa pili utapata sifuri, na hakuna atakayemshinda mwenzake, maana kila mmoja anajipima kwa usomaji wake mwenyewe.

Kwa picha ya namna hiyo tafuta kitu cha nje ya alama: jibu lililoko nyuma ya kitabu, kipengele kinachofuata kinachotumia x hiyo, au maneno ya swali: kama x ni urefu na swali linaomba jibu moja tu, hapo 6 na −1 ndiyo yanayoeleweka, kwa kuwa −1 haiwezi kuwa urefu na inabaki 6 peke yake. Ukikosa yote hayo, mwambie mwenzako aiweke karatasi juu ya meza, aitandaze mkunjo uondoke, apige picha penye mwanga wa kutosha, na aitume kama faili ili isibanwe njiani.